Vijana sita wa fildi wanaaga Ijumaa, na sifa niliyo nayo ni moja kwa wote

Shikamoo Mama,

Mimi ni msimamizi wa ofisi katika ushirika mmoja wa wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Tangu katikati ya Julai tumekaa na vijana sita wa fildi kutoka vyuo tofauti, na wiki zao nane zinaisha Ijumaa hii. Wanachama wamewaona kwenye mizani na mashambani, ila wengi hawajui ni akina nani. Mwenyekiti ameniagiza niwatambulishe mbele ya wanachama, bodi na mwalimu wao mmoja, na akasisitiza kila mmoja nimtajie jambo lake moja zuri.

Majina nayaficha, nawaita kwa walikotoka. Nimeandika hivi: Mpwapwa ni mchapakazi mwenye nidhamu. Bahi ni mchangamfu, anapenda watu. Kondoa ni mwaminifu na makini. Kongwa ni mtaalamu wa kompyuta. Iramba ni binti mpole, na chai yake haina mfano. Kwa Manyoni nimekwama. Alichelewa mara nyingi, haongei, na muda mwingi yuko nyuma ya ghala na wapakiaji.

Meneja amesoma karatasi yangu akacheka, eti nimeandika salamu za harusi. Sitaki kudanganya mbele ya watu, na sitaki kijana aondoke ameaibika. Nifanyeje?

Msimamizi, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Uliniachia namba nami nikakupigia, tukaongea karibu saa nzima. Nashukuru umeniruhusu kuyaandika tuliyozungumza, maana Septemba hii ofisi nyingi zinaaga vijana na wenye shida kama yako ni wengi.

Meneja wako amecheka kwa haki. Chukua ile karatasi, mpe Bahi sentensi ya Mpwapwa, na Mpwapwa mpe ya Kondoa, halafu isome upya kwa sauti. Hakuna atakayeshtuka. "Mchapakazi" si uongo, lakini ni neno lisilo na mwenyewe, linamkaa kila mtu kama kanzu ya kuazima. Sentensi ya kumtambulisha mtu inatakiwa iwe na ubishi: ukiiweka chini ya jina lisilo lake, wanachama wenyewe waseme hapana, huyo siye.

Ndiyo maana kwenye simu sikukuuliza tabia zao. Nilikuuliza jambo moja tu kwa kila kijana: kitu gani kikikwama hapo kazini, watu hulitaja jina lake? Kwa wanne ulijibu hata sijamaliza kuuliza. Sifa ulikuwa nazo kichwani siku zote. Ulipoketi kuandika ndipo ulizivua nguo zake za kazi ukazivalisha za sherehe.

Tuanze na Mpwapwa. Uliniambia ndiye aliyekuwa akizunguka na kipima sukari kabla ya kuruhusu shamba livunwe. Nakijua kifaa hicho. Kinashikwa kama darubini ya jicho moja: unakamua matone mawili ya zabibu juu ya kioo, unafunika, unakielekeza kwenye mwanga, na pale buluu inapokutana na nyeupe ndipo namba yako ilipo. Kinaonekana chepesi, na ndiyo maana wengi hukosea. Anayetaka kumaliza haraka huchuma kishada cha ukingoni mwa shamba kinachopigwa na jua kutwa, akapata namba tamu, lori likaja, kumbe katikati ya shamba zabibu bado. Mpwapwa, ulivyonieleza, alikuwa akiingia mpaka mistari ya kati, anachuma upande wa jua na upande wa kivuli, punje za juu ya kishada na za chini, na akihama shamba anakiosha kioo kwa maji safi ili utamu wa jirani usimdanganye.

Hayo ni mazuri, ila ni ya ufundi, na mwenzake aliyefundishwa vizuri angeyafanya pia. Lililo lake mwenyewe ulilisema kwa kupita, nikakurudisha nyuma ulirudie: kabla hajaandika namba, alimpa mwenye shamba kifaa asome yeye kwanza. Ukanisimulia mama mmoja mtu mzima aliyefumba jicho moja, akakizungusha, akaona 17, na mwenyewe akasema, "Basi tungoje wiki." Ushirika wenu unataka 20. Msimu mwingine mama huyo angeondoka akisema ofisi inambania zamu ya lori.

Hapo una sentensi. Nimekuandikia hivi, nawe uitengeneze kwa mdomo wako: "Huyu anatoka Mpwapwa, anasomea kilimo. Ndiye aliyekuja mashambani kwenu na kipima sukari, na kabla hajaandika namba alikupa wewe mwenye shamba uisome kwanza. Waliongoja wiki moja zaidi msimu huu, walingoja kwa sababu wameona kwa macho yao." Sentensi tatu: nani, alifanya nini na wapi, na kitendo chake kimebakiza nini. Neno "nidhamu" halimo, na hakuna atakayetoka pale akidhani hana.

Bahi alikuwa rahisi, ila nusura umharibu kwa hilo neno "mchangamfu". Kijana huyu alikaa kituo cha kupokelea, mahali ambapo mtu amepanda, amepogoa, amepulizia salfa miezi yote minne, halafu anaambiwa kreti yake imekataliwa. Umesema mwaka huu ubwiriunga ulisumbua mashamba kadhaa, punje zimejaa vumbi la kijivu kama majivu na nyingine zimepasuka. Aliyekuwepo kabla yake alikuwa akiisukuma kreti nzima pembeni. Bahi alikuwa akiimwaga mezani mbele ya mwenyewe, wanachambua pamoja kishada kwa kishada, kizuri kinarudi kwenye kreti, kibovu kinabaki mezani, na maelezo yote ni kwa Kigogo. Mzee mmoja alirudi nyumbani akiwa amepokelewa kreti tatu badala ya tano, na hakugomba. Uchangamfu hauwezi kufanya hivyo. Bahi anajua kumpa mtu habari mbaya bila kumvunjia heshima, na wapo mameneja waliofika kustaafu hawajaijua kazi hiyo. Mtambulishe kwa meza ile. Watu wataikumbuka.

Kongwa ana sentensi moja na inatosha. Usiseme mtaalamu wa kompyuta, maana kijana yeyote wa TEHAMA huitwa hivyo na ofisi ambayo printa yake imegoma. Sema kwamba orodha ya wanachama aliyoipanga kwenye kompyuta ameiandikia na maelekezo ukurasa mmoja, yamebandikwa ukutani, na tangu wiki ya sita karani anaitumia peke yake bila kumwita. Anaondoka na kazi haiondoki naye.

Sasa Iramba, na hapa nitakukera kidogo. Mimi nilipokuwa fildi, katika ofisi ambayo siitaji, nilikaa wiki kumi nikipanga majalada ya miaka mitano yaliyokuwa yamelala sakafuni. Siku ya kuaga bosi alisimama akasema, "Na huyu binti yetu ana tabasamu linalotufungulia siku." Watu wakapiga makofi. Mimi nikatabasamu, ningefanya nini? Wavulana wawili niliokuwa nao walitajiwa kazi zao. Yale majalada hayakutajwa na mtu, na mpaka leo ninayakumbuka rangi zake.

Angalia karatasi yako kwa jicho hilo. Mabinti uliwaandikia mchangamfu, mwaminifu, mpole, na chai. Wavulana ni mchapakazi na mtaalamu. Najua hukukusudia, mkono ulijiendea wenyewe. Lakini mwalimu wa chuo atakuwa ameketi pale, na wazazi wa wengine ni wanachama wenu.

Nilipokubana, ulisema Iramba ndiye aliyekuwa akiandika mihtasari ya vikao, na kwamba alianzisha kitu ambacho hamkuwa nacho: kabla kikao hakijafungwa, anaomba dakika mbili, anasimama na kusoma maamuzi yote, nani atafanya nini na kufikia lini. Mara ya kwanza wajumbe walinung'unika, wamechoka, wanataka soda. Mara ya tatu mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Binti, hujatusomea." Mwanangu, ulikuwa na hilo mfukoni ukaenda kuandika chai! Chai mshukuruni faragha, na kama haikuwa kazi aliyopangiwa na chuo, jiulize pia kwa nini ilikuwa yeye kila siku.

Kwa Kondoa nakusihi usikimbie.

Huyu ndiye mwenye tendo kubwa kuliko wote, na ndiyo shida. Mlikuwa mkikata kilo 2 kwa kila kreti kama uzito wa kreti tupu. Kipimo hicho kilitokana na kreti zenu za zamani, zile nzito. Mwaka huu mkanunua mpya, nyepesi, hakuna aliyekumbuka kuzipima. Kondoa anasomea uhasibu, hesabu zake za jioni zikawa hazikai sawa na za kiwandani, na siku moja mchana, watu wamekwenda kula, akachukua kreti kumi tupu akazipandisha kwenye mizani pamoja. Zikatoka kilo 15. Yaani kila kreti ni kilo moja na nusu, na mkulima aliyeleta kreti 40 alikuwa akipoteza kilo 20 kwa safari moja, bila mwizi.

Wewe ulitaka kusema mbele ya wanachama kwamba ndiye aliyegundua mnapunjwa. Nilikusimamisha pale pale kwenye simu, na sababu nakuandikia hapa zikae.

Kwanza yupo karani wa mizani. Atakuwa ameketi safu ya mbele, naye alikata kilo 2 kwa sababu aliambiwa akate 2. Ukilitamka neno "kupunjwa", macho yote yatamgeukia yeye, na sherehe imekwisha. Pili ni bodi: umesema inakutana Jumatano na haijawatangazia wanachama lolote. Mkulima hapaswi kusikia habari ya kilo zake kwenye hotuba ya kumsifu mwanafunzi, hata kama hotuba ni nzuri. Atauliza, "Na zangu zinarudi lini?" na wewe huna jibu. Tatu ni binti mwenyewe. Ataondoka Dodoma akitajwa kama aliyefichua, naye alikuwa anapima kreti tu.

Kwa hiyo fuata mpangilio. Jumatano jambo liende kwenye bodi kwa maandishi, na hesabu ya kila mkulima kutoka kwenye stakabadhi, maana stakabadhi zina idadi ya kreti na marekebisho yanahesabika. Bodi ikikubali, mwenyekiti alitangaze yeye mwenyewe mwanzoni mwa mkutano Ijumaa, na siku ya malipo itajwe. Likishatangazwa, wewe ukifika kwa Kondoa unaweza kusema kwa uwazi: "Yale marekebisho ya uzito wa kreti aliyoyatangaza mwenyekiti yalianza na huyu. Hesabu zilipokataa kulingana, hakuzilazimisha. Alipandisha kreti kumi tupu kwenye mizani." Hakuna mwizi katika maneno hayo, karani anabaki na kiti chake, na kila mtu ameelewa.

Bodi isipoamua kufikia Ijumaa, msifu kwa upande wake mwingine ambao nao ni wa kweli: jioni hafungi daftari mpaka jumla ya stakabadhi na jumla ya mizani zikubaliane, na tarakimu aliyoikosea huikata kwa mstari mmoja akatia sahihi, haifuti. Lakini usiitumie njia hiyo kulizika jambo lenyewe. Kama bodi imeahirisha, omba tarehe iandikwe kwenye muhtasari, na Iramba aisome. Na katika njia zote mbili, muulize Kondoa kwanza anataka lipi lisemwe. Huenda akachagua daftari. Ana haki.

Nimebaki na Manyoni, nawe usingizi wako umebaki naye.

Kwa huyu hukuwa na jibu la swali langu. Ulisema, "Mama, hakuna kinachokwama kikamhitaji." Nikakuuliza ni nani uliyemwuliza. Ukanyamaza, kisha ukasema ofisini. Lakini kwenye barua yako umeandika mwenyewe kwamba muda mwingi alikuwa nyuma ya ghala na wapakiaji. Basi aliyemwona ni mpakiaji, siyo wewe. Nikakuomba ukate simu, uende ghala saa ile ile, uwaulize swali lile lile, bila kuwaambia ni la nini. Ukiwaambia unatafuta sifa ya kusema jukwaani, watakupa "kijana mzuri sana, mtiifu," na mtakuwa mmerudi kwenye kanzu ya kuazima.

Ulinipigia saa moja usiku na sauti nyingine. Walikuambia hivi: wiki ya kwanza ya mavuno lori lilivuja maji ya zabibu njia nzima, kwa sababu kreti zilijazwa mpaka juu, na kila kreti ilikuwa imekalia zabibu za kreti ya chini yake. Zabibu zikipasuka njiani zinaanza kuchachuka kabla hazijafika, nzi wanafuata, kiwanda kinapunguza bei au kinakataa. Kijana wa Manyoni hakutoa hotuba. Alichukua kreti moja, akapunguza vishada mpaka pakabaki nafasi ya vidole viwili chini ya ukingo, akapandisha nyingine juu, akawaonyesha kwamba sasa plastiki imekalia plastiki. Akaacha upenyo katikati ya safu hewa ipite, na turubai akalifunga likiwa limeinuliwa kidogo, lisilale juu ya zabibu. Dereva alisema tangu hapo hajaosha sakafu ya lori. Na kwa sababu mnapakia jioni, jua likishapoa, kijana alikuwa akibaki mpaka lori liondoke, siku nyingine saa tatu au nne usiku. Kitabu chenu cha mahudhurio kinafunguliwa saa moja na nusu asubuhi na hakina safu ya kutokea.

Ulifurahi sana, ukataka kumtetea sasa kwa kila kitu. Taratibu. Wiki mbili za mwanzo mavuno hayakuwa yameanza, hakukuwa na lori wala kreti, na bado alichelewa siku nne. Hizo ni zake. Zinakwenda kwenye fomu ya tathmini ya chuo, na kabla hazijaandikwa mwite mwambie ana kwa ana, si Ijumaa asubuhi, leo. Za baadaye mwandikie na saa alizotokea, kama dereva anavyokumbuka, maana mwalimu akisoma "alichelewa" peke yake atasoma nusu ya habari.

Jukwaani kuchelewa hakuguswi. Wala usikuguse kwa utani. Najua ulimi wa msema chochote unavyowasha: "Huyu wetu wa Manyoni, treni yake ilichelewa kidogo..." Watu watacheka, na atakachobeba kijana nyumbani ni kicheko hicho, vidole viwili vimesahaulika. Pia usimpe maneno mengi kuliko wenzake ili kufidia. Wakiona mmoja anasifiwa kwa dakika tatu na wengine kwa nusu dakika, wataelewa kuna kitu kinafunikwa.

Na ungeenda ghala ukakuta hawana la kusema? Inatokea. Hapo hutungi sifa. Unataja kazi aliyoifanya na kiasi chake, kavu kama ilivyo: "Huyu anatoka mahali fulani, anasomea fani fulani, wiki nane hizi alihesabu kreti zinazotoka ghalani." Sentensi ya namna hiyo haimwaibishi mtu na haikuaibishi wewe siku mwajiri atakapokupigia simu. Maana watakupigia. Vijana hawa watakuandika mdhamini kwenye wasifu wao, na utakachokisema Ijumaa kwenye kipaza sauti ndicho utakachotakiwa kukirudia mwakani kwenye simu, bila karatasi mbele yako. Na kisipingane na alama ulizompa kwenye fomu. Kijana aliyesifiwa kwa umakini kisha akakuta umakini umepewa alama mbili kati ya tano atajiuliza ni lini ulikuwa unasema kweli.

Sasa nani aanze? Ulisema ungeanza na aliyefanya vizuri zaidi. Ukifanya hivyo umepanga matokeo ya mtihani, na wa mwisho atajua ni wa mwisho hata umpambe vipi. Kupanga kwa vyuo pia kuna maneno. Fuata njia ya zabibu. Anza shambani na Mpwapwa na kipima sukari chake, uje kituoni kwenye meza ya Bahi, upite mizani na daftari la Kondoa, ufike ghalani kwa Manyoni lori linapopakiwa, kisha uingie ofisini kwa Kongwa na orodha ya wanachama, umalizie kwenye kikao cha bodi na Iramba. Wanachama wataifuata bila kujitahidi kwa sababu ndiyo njia ambayo zabibu zao hupita kila msimu, na Manyoni atakuwa katikati, mahali pake pa kazi.

Kila mmoja asimame anapotajwa, abaki amesimama mpaka sentensi zake tatu ziishe, akae. Ukiwasimamisha wote sita pamoja, watu wataangalia viatu. Sentensi tatu kwa mwendo wa kawaida ni nusu dakika hivi, kwa hiyo ukiweka makofi na mzee mmoja wa kuuliza "ni wa nani huyu?" hutazidi dakika sita. Wageni wa itifaki wasalimie kabla ya kuwataja vijana, hilo halina mjadala, lakini salamu yako ya Kigogo, "Mbukwenyi", itangulie utangulizi wote, na maneno ya chuoni yaache mlangoni. Sema kipima sukari, sema kreti tupu. Hakuna mwanachama anayehitaji kusikia "ujuzi wa mawasiliano".

Alhamisi mchana waite mmoja mmoja, umsomee ya kwake. Mwulize jina lake linavyotamkwa na fani yake inavyoitwa kwa ukamilifu. Niliwahi kumtambulisha kijana wa lishe kama wa mifugo, mbele ya baba yake. Mwulize pia kama kuna jambo humo hataki lisemwe. Wengi watasema sawa bila kukutazama usoni, maana hawajazoea kusomewa. Wape muda, waachie karatasi mpaka jioni.

Manyoni mwite wa mwisho ili msiharakishwe. Msomee: "Huyu anatoka Manyoni, anasomea ugavi. Wiki ya pili ya mavuno aliacha nafasi ya vidole viwili juu ya kila kreti, na tangu siku hiyo lori letu halijavuja. Wapakiaji ndio walionieleza, mimi sikuona." Hiyo ya mwisho usiiondoe, ingawa inakuuma. Na akikuomba uwataje wapakiaji kwa majina, wataje.